Play Store inasema hakuna nafasi na simu inaonyesha iko: ufute kache, ufute piksha, utoe apu ama uweke memori kadi?

Hii maneno ni ya Android, wenye iPhone mniwie radhi. Unafungua Play Store uapdeti apu ya benki, unabonyeza "Update", duara inazunguka kidogo, halafu inakuambia nafasi haitoshi, kwa simu za zamani ilikuwa inaandika "Insufficient storage available", za siku hizi inakuletea kisanduku cha kukwambia ufungue nafasi. Unaenda setingi kuangalia, unapata MB 640 ziko wazi, na apdeti yenyewe imeandikwa MB 31. Hapo sasa unajiuliza nani anadanganya.

Hakuna anayedanganya, ila wanahesabu vitu tofauti, na ukijua wanahesabu nini utajua dawa gani inakufaa, kwa sababu dawa ziko kama nne hivi watu wanapeana na kila moja inatibu ugonjwa wake. Nimeona mtu Kondele hapa Kisumu akifuta data ya Play Store tena na tena na shida yake ilikuwa piksha, na mwingine akifuta piksha za harusi na shida ilikuwa Play Store.

Kwanza kuhusu hizo MB 640. Android haikubali apu ijaze simu mpaka tone la mwisho, inajiwekea akiba. Kwa Android ya kawaida hiyo akiba ni asilimia 5 ya sehemu ya data, yaani pale apu na faili zako zinakaa, ama MB 500, ile ndogo kati ya hizo mbili, na kampuni zingine za simu hubadilisha kidogo. Kwa simu ya GB 32, ukitoa kile mfumo umekalia, asilimia 5 inapita MB 500 kwa hivyo akiba inakuwa MB 500. Maana yake kwa ile MB 640 unayoona, apu inaweza kugusa kama MB 140 pekee. Zile zingine unaziona kwa macho tu.

Halafu zile MB 31. Hiyo ni saizi ya kudawnlodi, si ya kuinstoli. Play Store tangu 2012 imekuwa ikituma kiraka badala ya apu nzima, yaani inakutumia tu vitu vilivyobadilika ili bando lako lisiishe, ni jambo zuri kwa kweli, lakini kiraka kikifika simu inakichukua na apu ya zamani inatengeneza faili mpya kamili, tuseme MB 95, na bado kuna kazi ya kuandaa ile code ya apu iendeshe haraka ambayo pia inakula nafasi. Na wakati hayo yote yanafanyika apu ya zamani bado iko mahali pake, haitoki mpaka mpya ikae vizuri. Ni kama plot ya chumba kimoja, mpangaji wa zamani hajatoa kitanda na mpya ashafika na pikapu. Kwa hivyo apdeti ya "MB 31" inaweza kutaka MB 150 ama 200 za ukweli. Ukiwa na 140 za kugusa, inakataa, na iko sawa kukataa.

Sasa tulinganishe.

Kufuta kache na data ya Play Store

Hii ndio kila mtu atakuambia kwanza. Unaenda Settings, Apps, Google Play Store, Storage, halafu "Clear cache", na ikikataa "Clear storage", simu zingine inaitwa "Clear data". Haichukui hata dakika, na wengi wanaogopa bure, haifuti apu zako wala piksha wala akaunti ya M-PESA, inafuta tu kumbukumbu za Play Store yenyewe.

Inafanya kazi wakati ule ambapo nafasi ni nyingi kweli kweli, tuseme GB 2 na zaidi, na bado inakataa. Hapo mara nyingi kuna dawnlodi iliyokwama nusu, labda stima ilipotea ukiwa kwa waifai ya jirani ama bando liliisha katikati, na Play Store inaendelea kushikilia ile hesabu ya zamani. Kabla hata ya kugusa kache, fungua orodha ya dawnlodi uzikatize zote zinazongoja, halafu uzime simu uiwashe. Kuwasha upya si uchawi wa fundi, Android ikiamka inapitia vile vipande vya instoli vilivyoachwa bila mwenyewe na inavifagia. Mara nyingi hapo tu imeisha.

Kwa mtu wa MB 640 lakini, njia hii ni kupoteza wakati. Kache ya Play Store ni MB chache, labda utapata kumi na kitu na bado uko chini. Utajuaje? Angalia namba ya nafasi kabla na baada, kama haijasonga kwa maana basi ugonjwa si huo, usirudie.

Kitu moja ya kuangalia, ukifuta data ya Play Store mipangilio yake inarudi mwanzo. Ingia tena uangalie "Auto-update apps" uweke "Over Wi-Fi only", la sivyo utaamka asubuhi bando la wiki limeliwa na apu ambazo hata hutumii. Kuna pia ile ya "Uninstall updates" kwa vile vidoti vitatu juu, inarudisha Play Store kwa ile iliyotoka nayo kiwandani, halafu inajiapdeti yenyewe. Mimi naiweka ya mwisho kwa kundi hili, inatumia bando na msaada wake si mkubwa kupita kufuta data.

Kufungua nafasi ya ukweli

Hii ndio ile watu wanafikiri wameshafanya na hawajafanya. Shemeji yangu anauza nguo Kibuye, simu yake ni hii ya GB 32, alinipigia akiwa amekasirika.

"Shem, nimefuta video mpaka zimeisha, hii simu inataka nini tena?"

"Umezifutia wapi?"

"Kwa galari, si ndio huko zinakaa?"

Nikamwambia afungue Google Photos aende "Bin", kwa simu zingine inaitwa "Trash", na video zote zilikuwa huko zimejipanga, GB moja na kitu. Kwa Android 11 kuja mbele, ukifuta piksha ama video kwa galari nyingi haitoki, inahamishiwa pipa na inaendelea kula nafasi ile ile. Google Photos inaiweka siku 30 kama haikuwa na bakapu na siku 60 kama ilikuwa nayo. Files by Google nayo ina pipa lake la siku 30, na galari ya Samsung ina "Recycle bin", hiyo pia siku 30. Kwa hivyo mtu anafuta leo, namba haisongi, anafikiri simu imeharibika. Shem alipomwaga pipa, ile 640 ikapanda ikapita GB 1.8, akabonyeza "Update" na ile apu ya benki ikaingia bila maneno mengine.

Baada ya pipa, mahali pa pili ni WhatsApp. Usianze kutafuta kwa galari moja moja, ingia WhatsApp, Settings, "Storage and data", halafu "Manage storage". Hapo inakupangia "Forwarded many times" na "Larger than 5 MB", na ukishuka inakuonyesha grupu gani inakula zaidi. Karibu kila mara ni grupu ya mazishi ama ya chama, video moja imetumwa na watu sita. Unachagua, unafuta, na haugusi meseji. Kama una Telegram, hiyo ni rahisi hata zaidi, Settings, "Data and Storage", "Storage Usage", ufute kache, kwa sababu vitu vya chati za kawaida viko kwa seva zao na ukivitaka utadawnlodi tena. Watu wa kuangalia muvi kwa Telegram hapo mnaweza kupata GB kadhaa kwa mguso mmoja.

Watu hupenda kwenda kwa kila apu wakifuta "Clear cache". Sikatazi, lakini tangu Android 8 simu ikibanwa inafuta kache ya apu yenyewe kabla ya kukataa, kwa hivyo sehemu kubwa ya unachofuta kwa mkono ilikuwa itaenda tu, na kesho imerudi. Itakuvusha kama umebakisha MB 20, haitakuvusha kama umebakisha 300.

Gharama ya njia hii ni muda wako, na ule uchungu wa kuchagua. Faida yake ni kwamba haipotezi akaunti yoyote na inasaidia apdeti zote zinazokuja, si hii moja. Kwa mtu aliye chini ya GB 1 ndio njia ninayompa kwanza, na ningependa afike GB 1.5 wazi ndio akae mwezi bila kusumbuliwa.

Kutoa apu na kuirudisha

Hii inafanya kazi, tena haraka, na ndio maana fundi wa Oginga Odinga Street anaipenda. Ukitoa apu ya zamani, hakuna tena wapangaji wawili, na data yake yote iliyojikusanya inaondoka pia, kwa hivyo ile MB 140 inaweza hata kutosha.

Lakini hesabu bei yake. Kwanza bando, sasa hupewi kiraka cha MB 31, unadawnlodi apu nzima. Pili kila kitu kilichokuwa ndani yake kimeenda. Kwa apu ya habari ama ya mpira, nani anajali. Kwa apu ya benki utaanza kujisajili upya, laini iwe kwa simu hiyo hiyo, code ije kwa meseji, na kuna benki zingine zitakutaka uende tawini kama namba imebadilika, sasa fikiria hiyo ni Ijumaa jioni na unataka kulipa mtu wa mzigo wa Busia.

WhatsApp ndio ya hatari kupita zote. Kila mtu anasema fanya bakapu halafu toa, sawa, lakini bakapu ya WhatsApp inaandika kwanza faili ndani ya simu ndio ipande Google Drive, na simu imejaa, kwa hivyo bakapu yenyewe inaweza kukataa ama ikabaki ile ya zamani bila wewe kujua. Nenda "Chats", "Chat backup" usome tarehe na saa kwa macho yako. Kama si ya leo, usitoe kitu. Na kumbuka bakapu hizo sasa zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google, kwa hivyo Drive pia inaweza kuwa imejaa na hujui.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawaijui. Badala ya kutoa apu unayotaka kuapdeti, tafuta nyingine kubwa usiyotumia kila siku na uiweke "Archive". Play Store ilileta hii 2023, inaondoa mwili wa apu na kuacha data yako na ile aikoni, ukiitaka unaibonyeza inajidawnlodi na unakuta umelogi kama ulivyoacha. Kwa Play Store yenyewe iko setingi, General, "Automatically archive apps". Si kila apu inakubali, lakini kwa gemu kubwa ama apu ya kuhariri video unaweza kupata nafasi ya kutosha bila kupoteza chochote. Kati ya kutoa apu ya benki na kuarkaivu gemu ya mtoto, mimi siwezi hata kufikiria mara mbili.

Na apu zilizokuja na simu, kama Chrome ama YouTube, hizo huwezi kutoa, unaweza tu "Uninstall updates" ama kuzizima. Nafasi unayopata ni ya zile apdeti, nakala ya kiwandani inabaki kwa sehemu ya mfumo na hiyo hukuwa nayo tangu mwanzo.

Memori kadi

Hapa ndio pesa inapotea. Mtu anaenda anunue kadi ya GB 64, anaiweka, simu inamwonyesha nafasi tele, anarudi Play Store na inakataa vile vile. Apu zinaingia kwa storeji ya ndani, kadi haihesabiwi kwa hiyo hesabu. Angalia vizuri kwa setingi, simu nyingi zinaweka storeji ya ndani na "SD card" kama vitu viwili, namba ya kusoma ni ile ya ndani.

Kuna ile ya kuformati kadi iwe sehemu ya simu, Android ilileta kwa 6.0, kadi inaunganishwa na storeji ya ndani. Kampuni nyingi zimeizima kwa simu zao kwa hivyo usinunue kadi ukiitegemea kabla hujaona kama setingi yako inayo. Hata ikiwepo, kadi ya bei ya chini ni polepole, apu zitakuwa zinakwama, na siku ukiitoa ama ikifa, apu zilizokuwa juu yake zimeenda nayo. Kadi pia haisomeki kwa simu nyingine ikiformatiwa hivyo.

Sisemi kadi ni mbaya. Ni nzuri kwa piksha za kamera, nyimbo na muvi, hamisha hizo kwa Files na uweke kamera ihifadhi huko, basi umefungua nafasi ya ndani kwa njia ya kuzunguka. WhatsApp usijaribu kuihamisha, haihamii.

Kureset simu nzima nitataja tu kwa sababu mafundi wengi wanaanzia hapo. Inafuta kila kitu, apu zinarudi, zinajiapdeti, na baada ya wiki kadhaa uko pale pale. Kabla ukubali, mwambie fundi aunganishe simu kwa kompyuta yake, kama ana adb, ile programu ya kuamrisha Android kutoka kwa kompyuta, na "USB debugging" imewashwa kwa simu, aandike hii:

```
adb shell df -h /data
```

Ile namba chini ya Avail ndio nafasi ya ukweli kwa sehemu ya data. Kama inaonyesha GB kadhaa na Play Store bado inakataa hata baada ya kufuta data yake na kuwasha upya, hapo reset ina maana. Kama inaonyesha MB mia kadhaa, anachotaka kukuuzia ni kazi ya kufuta piksha. Na zile apu za "cleaner" zenye matangazo ya roketi, achana nazo, zenyewe zinataka nafasi ya kuinstoliwa.

Kwa hivyo ukiniuliza uchague ipi, nitakuuliza nafasi iliyo wazi kwa storeji ya ndani ni ngapi. Ikiwa juu ya GB 2, anza na kukatiza dawnlodi, kuwasha upya, halafu data ya Play Store. Ikiwa kati ya MB 500 na GB 2, mwaga mapipa yote kwanza, halafu WhatsApp, na ukiwa na haraka arkaivu apu moja kubwa. Ikiwa chini ya MB 500 kwa simu ya GB 32 kwenda juu, uko ndani ya akiba ya mfumo kabisa, hapo hakuna apu itaingia hata ya MB 5, usipoteze bando kujaribu, fungua nafasi tu. Simu ya GB 8 ama 16 yenye apu tano muhimu, mahali hapo utafika kila baada ya muda mfupi hata ufanye nini, hiyo weka apu unazohitaji na zingine utumie kwa brauza.

Na ukishapata nafasi kidogo usibonyeze "Update all". Apu kadhaa zikianza pamoja kila moja inajitengea nafasi yake ya kudawnlodi na kuinstoli kwa wakati mmoja, na mbili za mwisho zitakuletea ujumbe ule ule. Anza na ya benki, ingoje iishe kabisa, halafu WhatsApp, halafu zingine moja moja.